Krimu ya ganzi kwa mtoto mchanga: lidokaini na prilokaini, tetrakaini, au ziwa la mama?

Mama Idrisa aliniwekea mirija miwili mezani. Mmoja ulikuwa wa gramu 30, umeandikwa lidokaini asilimia 2.5 na prilokaini asilimia 2.5, na ameununua duka la dawa. Wa pili ulikuwa mdogo, jeli ya tetrakaini asilimia 4, umeletwa na wifi yake anayeishi Uingereza. Mtoto ana wiki 11, kilo 4.8 kwa mizani ya siku ile, na keshokutwa yake alitakiwa kutolewa damu kwenye mshipa wa mkono. Mara ya kwanza walimchoma mara nne wasiupate mshipa, mama akatoka analia kuliko mtoto.

"Shikamoo nesi. Nataka uniambie ipi kali zaidi kati ya hizi."

"Marahaba mwanangu. Kali zaidi ndiyo siitaki."

Ninafanya kazi ya uuguzi wodi ya watoto, Tanga, na swali la Mama Idrisa nimelisikia kwa sura nyingi: krimu ya kutogea masikio, krimu ya tohara, krimu ya chanjo, hata ya kupaka ufizi meno yakianza. Nitazilinganisha hapa kwa ajili ya mtoto wa chini ya miezi mitatu, kwa sababu huyo ndiye ambaye makosa ya gramu mbili na saa moja ya ziada yanaonekana kwenye midomo yake. Mtoto wa miaka mitano ana nafasi kubwa zaidi ya kusamehewa.

Damu inayobadilika rangi

Tuanze na hofu yenyewe, maana ndiyo inayoamua uchaguzi wote. Prilokaini ikishapenya ngozi na kuingia kwenye damu, mwili huivunja, na kimoja cha vipande vyake kinaitwa orthotoluidini. Kipande hiki hushambulia madini ya chuma yaliyomo ndani ya himoglobini, ile sehemu ya seli nyekundu inayobeba oksijeni. Chuma kikishashambuliwa hakiwezi tena kushika oksijeni, na himoglobini ya namna hiyo huitwa methemoglobini. Ile iliyobaki nzima nayo hung'ang'ania oksijeni yake na kusita kuiachia kwenye viungo. Mtoto anapumua vizuri, mapafu ni mazima, lakini mzigo haufiki. Hali hiyo ndiyo methemoglobinemia.

Kila mtu ana methemoglobini kidogo, karibu asilimia 1 ya himoglobini yake, na kuna kimeng'enya ndani ya seli nyekundu kinachoirudisha kuwa nzima kila siku. Kwa mtoto aliyezaliwa karibuni kimeng'enya hicho kina nguvu ya karibu nusu tu ya mtu mzima, na huchukua miezi kadhaa kukomaa. Himoglobini ya utotoni, aliyotoka nayo tumboni, nayo huharibika kwa urahisi zaidi. Tena ngozi yake ni nyembamba, na ukiilinganisha na uzito wake ni kubwa kuliko yako wewe. Kwa hiyo anameza dawa zaidi kwa njia ya ngozi, kisha ana mafundi wachache wa kurekebisha uharibifu.

Watu wengi hudhani krimu, kwa kuwa inapakwa nje, haihesabiki kama dawa. Hesabu basi: gramu 1 ya krimu hii ina miligramu 25 za lidokaini na miligramu 25 za prilokaini. Mrija mdogo wa gramu 5 una miligramu 125 za kila moja. Si zote zinazopenya, lakini kadiri eneo linavyokuwa pana na muda unavyokuwa mrefu, ndivyo zinavyopenya nyingi.

Lidokaini na prilokaini

Hii ndiyo inayopatikana kwa wingi, na wengi huiita Emla hata ikiwa ya kampuni nyingine. Kwa mtoto aliyetimiza miezi yake tumboni, mwenye umri chini ya miezi 3 au uzito chini ya kilo 5, mipaka ni mitatu na inakwenda pamoja: isizidi gramu 1 kwa jumla, isizidi eneo la sentimita 10 za mraba, isizidi dakika 60. Baada ya hapo hakuna kupaka tena ndani ya saa 24. Mtoto njiti ambaye bado hajafikisha wiki 37, ukihesabu tangu mimba, hapakwi.

Naandika dakika 60 kwa makusudi. Niliwahi kumwambia bibi mmoja "iache saa moja," naye akaelewa nimemwambia aitoe saa moja, yaani saa moja ya usiku. Tangu siku hiyo ninasema dakika, na naandika saa ya kutoa juu ya plasta yenyewe kwa kalamu.

Angalia pia lile neno "au" kwenye umri na uzito. Mtoto wa miezi minne mwenye kilo 4.7 bado anahesabiwa kama mdogo. Akivuka miezi 3 na kilo 5 vyote viwili, kiasi hupanda hadi gramu 2 na sentimita 20 za mraba mpaka atimize mwaka. Kadi ya kliniki ndiyo kipimo hapa. Macho ya shangazi anayesema "mbona mnene huyu" hayapimi kilo.

Gramu 1 inaonekanaje? Kutoka mrija wa gramu 30, ni mstari wa kama sentimita 3.5, mrefu kama upana wa vidole viwili vya mtu mzima. Mrija wa gramu 5 una mdomo tofauti, kwa hiyo usiuhukumu kwa mstari. Gramu 1 ni sehemu ya tano yake. Njia ninayoiamini mimi ni kuikamulia ndani ya bomba la sindano lisilo na sindano: mililita 1 ni karibu gramu 1. Eneo nalo ni mraba wenye upande wa sentimita 3 na kidogo. Ukitaka kutia ganzi mikono yote miwili, hiyo gramu 1 inagawanywa, nusu huku na nusu kule. Hapo ndipo watu wanapokosea, kwa sababu wanapaka gramu 1 kila mkono, kisha kidogo kwenye mguu "tukikosa huku", na ghafla ni gramu 3.

Haisuguliwi. Inakaa kama kilima kidogo, inafunikwa na plasta ya plastiki inayoshika pembeni, halafu unafunga bandeji au unavalisha soksi juu, kwa sababu mtoto hupeleka mkono mdomoni na plastiki inaweza kumkaba. Huwekwa juu ya ngozi nzima tu. Ngozi yenye ukurutu, upele wa nepi, au michubuko hunyonya dawa kwa kasi ambayo mipaka niliyoitaja haikuihesabu.

Ina kasoro moja ya kikazi ambayo maboksi hayaisemi kwa sauti. Ngozi iliyopakwa hugeuka nyeupe, mishipa midogo inabana, na mshipa ulioonekana asubuhi unajificha. Kwa mtoto ambaye mshipa wake ni wa kutafuta kwa tochi, hilo si dogo.

Tetrakaini

Jeli ya tetrakaini inavunjwa na mwili kwa njia nyingine kabisa. Ikishaingia kwenye damu, vimeng'enya vya hapohapo huikatakata haraka, na haitoi orthotoluidini. Ndiyo maana hatari ya methemoglobinemia ni ndogo sana ukilinganisha na prilokaini. Sisemi haipo, kwani tangu mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, imetaka onyo hilo liwepo kwenye maelezo ya dawa zote za ganzi za jamii hii.

Kwa mtoto huanza kutumika akitimiza mwezi 1, si kabla, na mtoto njiti husubiri zaidi: mwezi huo huhesabiwa kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Kiasi ni mrija mmoja, ambao hutoa karibu gramu 1. Dakika 30 zinatosha kwa kutoa damu, dakika 45 kwa kuweka kanula, ule mrija mdogo unaoachwa ndani ya mshipa, na dakika 45 zikitimia unaitoa hata kama daktari hajafika. Hapo ndipo ilipo raha yake, kwa sababu ganzi inabaki saa 4 hadi 6 baada ya jeli kuondolewa. Ile ya prilokaini ukishaitoa hubaki saa moja au mbili tu.

Kwa foleni zetu, tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyosomeka. Mama anampaka mtoto nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, anapanda daladala, anafika, anapewa namba 38. Kama ni prilokaini, ama anaitoa kwa wakati na ganzi inaisha akiwa kwenye benchi, ama anaiacha ipitilize. Na mama aliyetoka nyumbani alfajiri ataiacha ipitilize, namjua.

Tetrakaini hufanya ngozi iwe nyekundu na wakati mwingine ivimbe kidogo na kuwasha, kwa sababu inapanua mishipa. Kwa mtoa damu huo ni msaada. Ukiona malengelenge, itoe. Tatizo lake la kweli ni upatikanaji na joto: inahifadhiwa kwenye friji, na mrija uliokaa wiki kadhaa kwenye begi la safari kisha kabatini Tanga mwezi wa pili siwezi kukuapia kwamba bado unafanya kazi. Ule wa Mama Idrisa ulikuwa umekaa friji tangu ulipofika. Nilimuuliza mara mbili.

Lidokaini peke yake

Ipo ya tatu, krimu ya lidokaini asilimia 4 bila prilokaini. Kwa mtoto wa mwezi 1 hadi wa miezi 3 ni gramu 1, dakika 30 mpaka zisizidi 60. Iko katikati: hatari ya methemoglobini ni ndogo kuliko ya mchanganyiko, na inafanya kazi mapema. Sumu yake ikizidi hujionyesha zaidi kwenye ubongo na moyo, yaani degedege na mapigo yasiyo sawa.

Neno moja juu ya lidokaini zinazouzwa kwa ajili ya kuchora tatuu au kuondoa nywele. Mwezi Machi 2024 FDA ilitoa onyo juu ya bidhaa za aina hiyo zenye lidokaini kupita asilimia 4 inayoruhusiwa kuuzwa huko bila cheti cha daktari. Zinaingia mitandaoni kwa picha nzuri. Kwa mtoto mchanga sina ulinganisho wa kufanya nazo. Nikiikuta kwa mzazi namwomba asiifungue karibu na mtoto.

Kwa wanaopenda kuona pembeni kwa pembeni, mtoto wa mwezi 1 hadi miezi 3:

| | Lidokaini + prilokaini | Tetrakaini 4% | Lidokaini 4% |
|---|---|---|---|
| Kiasi cha juu | gramu 1, sm² 10 | mrija 1 | gramu 1 |
| Muda wa kukaa | dakika 60, si zaidi | dakika 30 hadi 45 | dakika 30 hadi 60 |
| Ngozi na mshipa | hupauka, mshipa hujificha | hukoza wekundu, mshipa hutokeza | mabadiliko madogo |
| Methemoglobini | hatari kubwa kuliko zote tatu | ndogo sana | ndogo |

Chini ya mwezi 1, jedwali hili linabaki na safu moja tu, ile ya kwanza, kwa mipaka ileile, na hapo ningetaka aipake mhudumu hospitalini, si mzazi nyumbani.

Ziwa, na pale krimu isiposaidia

Kabla ya kuchagua krimu uliza kama kazi inayokuja inahitaji krimu. Kuchoma kisigino kwa ajili ya tone la damu, krimu ya lidokaini na prilokaini haisaidii. Imejaribiwa na haikuonyesha faida. Kinachouma pale si ile ncha tu, ni kule kukamua. Mweke mtoto ziwani dakika chache kabla, aendelee kunyonya wakati wa kuchoma. Kama hanyonyi, matone ya maji ya sukari aliyopimiwa na mhudumu, mbele ya ulimi, dakika 2 kabla.

Kwa chanjo nako sianzi na krimu. Sindano ya paja inakwenda ndani ya msuli, na krimu inatia ganzi milimita chache za juu. Shirika la Afya Duniani lilipotoa msimamo wake wa mwaka 2015 kuhusu maumivu ya chanjo, halikuzipendekeza krimu hizi kwa mpango wa kawaida wa chanjo kwa sababu ya gharama, upatikanaji na muda wa kusubiri. Lilipendekeza kunyonyesha na kumshika mtoto vizuri. Na kwa BCG, ambayo ni chanjo hai inayochomwa ndani ya ngozi, lidokaini na prilokaini zina uwezo fulani wa kuua vijidudu, kwa hiyo sioni sababu ya kuzipaka pale.

Tohara ya siku ya saba, kama tunavyofanya pwani, ni mada yenye mabishano yake. Krimu inapunguza maumivu kuliko kutoweka chochote, lakini sindano ya ganzi kwenye mishipa ya fahamu, ikichomwa na anayejua, inapunguza zaidi. Ninachokijua kwa macho yangu ni kinachotokea krimu ikipakwa kwa ukarimu.

Mtoto wa tohara

Ilikuwa miaka mingi iliyopita, kwenye kituo nisichokitaja. Mtoto wa siku 9, kilo 3.1, alipakwa krimu kwa ajili ya tohara. Aliyepaka aliona gramu 1 ni kidogo mno, akapaka kote, mpaka mapajani, akafunga nepi juu yake. Nepi inafanya kazi ileile ya plasta: inafungia dawa ipenye. Mtoaji tohara alichelewa. Zilipita saa tatu. Mrija wa gramu 30 ulibaki zaidi ya nusu kidogo tu, ndivyo tulivyoona baadaye.

Mama alisema mtoto amekuwa "kama ana baridi". Ngozi ya mtoto mweusi haikuambii kirahisi kwamba amegeuka rangi, kwa hiyo tuliangalia ndani ya midomo, ulimi, na chini ya kucha. Vilikuwa vya kijivu, kama jivu lililomwagiwa maji. Mtoto alikuwa anapumua haraka kiasi, lakini hakuwa anahangaika kwa kadiri ya rangi ile. Hilo ndilo la kwanza la kushtua: rangi mbaya, mapafu safi.

Kipima oksijeni kilisoma 86. Tukaweka oksijeni, kikasoma 86. Tukaongeza, 85. Kifaa hicho kinatazama rangi za himoglobini mbili tu, iliyobeba na isiyobeba, na methemoglobini ikizidi kinachanganyikiwa na kuganda karibu na 85, hata kama hali halisi ni mbaya zaidi ya hapo. Namba inayokataa kupanda juu ya oksijeni nyingi ni ishara, lakini usiisome kama kipimo.

Mkuu wetu wa zamu, mtu mzima aliyewahi kuliona jambo hili, alitoa tone la damu ya mtoto na kulidondosha kwenye karatasi nyeupe. Pembeni yake akadondosha tone la kidole chake mwenyewe. Akaipepea karatasi. Tone lake likawa jekundu la kung'aa. La mtoto likabaki rangi ya ukwaju, na dakika zilipopita halikubadilika. Damu iliyokosa oksijeni tu ingekutana na hewa ikawa nyekundu. Ya methemoglobini haibadiliki.

Tuliifuta krimu kwa kitambaa kikavu kwanza, ndipo tukaosha kwa maji na sabuni, maana ukianza na maji unaisambaza. Oksijeni ikaendelea. Mtoto akapelekwa hospitali kubwa, kwa sababu dawa yake, methilini bluu, haikuwepo kwetu. Huko alipewa miligramu 1 kwa kila kilo, polepole kwenye mshipa kwa dakika kadhaa. Kabla ya kuitoa, daktari aliwauliza wazazi swali lililonishangaza wakati ule: kuna mwanaume yeyote upande wa mama ambaye mkojo wake uligeuka mweusi baada ya dawa? Hakukuwa na mtu. Ndani ya saa moja midomo ya mtoto ilirudi rangi yake. Hata hivyo walimlaza usiku kucha, kwa sababu dawa iliyokwisha kuingia kwenye ngozi huendelea kuingia kwenye damu hata baada ya kuosha, na methemoglobini inaweza kufika kilele saa kadhaa baadaye.

Sababu ya swali lile ni kimeng'enya kinachoitwa G6PD. Methilini bluu inafanya kazi kwa kukopa nguvu kutoka njia inayotegemea G6PD. Aliyepungukiwa nacho hapati nafuu, na dawa yenyewe inaweza kupasua seli zake nyekundu. Upungufu huo unarithiwa kupitia mama, huonekana zaidi kwa wanaume, na umeenea mahali penye historia ndefu ya malaria. Pwani yetu imo humo.

Idrisa

Nirudi kwa mirija miwili ya mezani. Wiki 11, kilo 4.8: yuko upande wa mdogo kwa vipimo vyote viwili. Nilianza na krimu ya gramu 30 kwa kuwa ndiyo iliyo kawaida. Mtoa damu angetaka sehemu mbili za kujaribu, hivyo nusu gramu nyuma ya kila kiganja, dakika 60, kila kitu ndani ya mipaka. Nilikuwa tayari nimechukua kalamu.

Kisha nikauliza maswali ambayo huwa nayauliza kila mara. Amezaliwa kwa wakati? Ndiyo, wiki 39. Ana ukurutu? Hapana. Anakunywa dawa gani? Hakuna. Swali hili ni zito kuliko linavyosikika, kwa sababu watoto wengi waliozaliwa na akina mama wenye VVU hupewa Septrini kuanzia wiki 4 hadi 6, na dawa za salfa kama hiyo huongeza methemoglobini. Vivyo hivyo dapsoni na baadhi ya dawa za kifafa kama fenobabitali. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja anayetumia mojawapo hapakwi krimu yenye prilokaini. Mama mwingine hatasema Septrini mbele ya wifi, kwa hiyo swali hili huwa namuuliza tukiwa wawili.

Swali la mwisho lilikuwa lile la yule daktari. Mama Idrisa akacheka kidogo, akasema, "Mjomba wake. Alipokuwa mdogo alipewa dawa ya malaria, akakojoa kama kokakola, wakamwongeza damu."

Nikaweka kalamu chini. Mjomba wa upande wa mama, na mtoto ni wa kiume. Hakuna aliyempima Idrisa G6PD, na huenda hana shida yoyote. Lakini prilokaini kwa mtoto huyo ni kumweka kwenye njia ambayo, akiharibikiwa, dawa ya kumrudisha nayo ina mashaka. Mrija wa pili ulikuwepo, una tarehe nzuri, umekaa friji, na mtoto amevuka mwezi 1. Tukachagua tetrakaini.

Nilimwambia asiipake nyumbani. Siku yenyewe alikuja na mrija kwenye kijichupa cha chai chenye barafu. Nilisubiri mpaka namba yake ibaki na watu kama kumi, nikagawa mrija mmoja kwenye mikono miwili, plasta juu, soksi juu ya plasta, na kwenye plasta nikaandika 3:10, kisha chini yake 3:40. Saa 3:40 nilivua soksi. Ngozi ilikuwa nyekundu kama ya mtoto aliyelala upande mmoja, na mshipa wa kushoto ulikuwa umetokeza bila tochi. Niliifuta jeli, nikamwachia mtoa damu.

Idrisa alilia pale alipofungwa mpira wa mkono. Sindano ilipoingia alikuwa ananyonya. Nilimpa mama maelekezo ya kuondoka nayo: atazame midomo na ulimi mpaka jioni, kila anaponyonya, mahali penye mwanga wa jua, si chini ya taa ya njano, na akiona kijivu, au usingizi usio wa kawaida, au kukataa ziwa, asipige simu kuniuliza, aje. Ule mrija wa gramu 30 akaniuliza aufanyie nini. Nilimwambia autunze kwa ajili ya mguu wake mwenyewe, siku atakayotolewa mwiba.